Simu ya kamera au simu ya betri kwa shilingi 24,000?

Mdogo wangu huuza viatu vya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Mwezi wa tatu simu yake ilianguka kwenye lami ikapasuka kioo na ubao wake ukapata maji siku hiyo hiyo, kwa hivyo hapakuwa na cha kutengeneza. Akaja kwenye meza yangu ya ufundi karibu na barabara ya Luthuli akiwa na shilingi 24,000 na picha za maboksi mawili alizopiga dukani. "Kaka, niambie moja tu," akasema. "Zote bei ni moja, na kila muuzaji anasifu ile aliyo nayo."

Sitataja aina hizo, kwa sababu kila mwaka majina hubadilika na maduka hubaki na toleo jingine. Lakini ukipita Luthuli au Moi Avenue utakutana na jozi kama hiyo kila duka. Hata kampuni moja hugawa simu zake hivyo: Tecno, kwa mfano, wana Camon kwa wanaotaka kamera na Pova kwa wanaotaka betri. Za mdogo wangu zilikuwa hivi. Ya kwanza, nitaiita simu ya kamera, ilikuwa na kamera kuu ya megapikseli 50 yenye OIS, yaani kitulizaji cha mtetemo wa mkono, betri ya 5000 mAh na chaja ya wati 33. Ya pili, simu ya betri, nayo ilikuwa na megapikseli 50, lakini bila OIS, betri ya 6000 mAh na chaja ya wati 18. Chipu ilikuwa ile ile kwa zote mbili, na ukubwa wa skrini ulikaribiana sana. Ilikuwa bahati nzuri, maana tungeweza kupima mambo mawili tu bila mengine kuingilia.

Swali ambalo watu huniuliza ni "ipi nzuri?" Mimi huligeuza: kila moja ya simu hizi ina upungufu, je, ni upungufu upi unaoweza kuuziba baadaye kwa pesa kidogo, ukiwa pale unapofanyia kazi? Upungufu unaozibika usikuzuie. Ule usiozibika ndio wa kuuepuka dukani.

Tuanze na betri, kwa sababu hapo hesabu ni nyepesi. Zidisha mAh kwa volti za betri, ambazo ni kama 3.85, ugawanye kwa elfu, upate wati-saa. Ya 5000 inabeba wati-saa 19 hivi, na ya 6000 inabeba 23. Zichukulie kama lita za maji kwenye mtungi. Sasa uliza siku yako hunywa lita ngapi.

Mdogo wangu hutoka Kayole saa kumi alfajiri ili awahi marobota yakifunguliwa, na hurudi nyumbani saa tatu usiku. Hizo ni saa 17. Tulifungua mipangilio ya betri ya simu yake ya zamani, ambayo ilikuwa bado inawaka nusu kioo, tukasoma: skrini huwaka kama saa sita kwa siku. Saa nne kati ya hizo ni juani, akionyesha wateja viatu, akijibu WhatsApp, akisoma ujumbe wa M-Pesa. Juani skrini hujipandisha mwanga hadi mwisho, na simu ya aina hii hula wati 2.5 hivi, data ikiwa ndani yake. Hiyo ni wati-saa 10 peke yake. Saa mbili za kivulini, kwa wati 1.5, ni 3. Kuzungumza kwa simu saa moja ni 1. Saa kumi za kukaa mfukoni ikipokea ujumbe ni 1.5. Na huwashia jirani yake wa kibanda hotspoti kwa saa mbili, ambayo huongeza 2. Jumla 17.5. Ni makadirio, lakini yalilingana vizuri na alichokuwa akiniambia, kwamba simu ya zamani ilipokuwa mpya ilikuwa ikifika nyumbani "na pumzi ya mwisho."

Ukiangalia haraka utasema basi hata ya 5000 inatosha, 19 dhidi ya 17.5. Dukani ni kweli. Kasoro ni kwamba hununui simu ya wiki moja. Betri za lithiamu huchakaa kila zinapojazwa na kuishiwa, na ikiwa unaijaza kila usiku, baada ya miaka miwili hivi ni kawaida kukuta imebaki na asilimia 80 ya uwezo wake, au chini ya hapo kama simu huachwa juani. Asilimia 80 ya 19 ni 15. Mtungi wa lita 15 kwa siku ya lita 17.5: simu inazima saa kumi na mbili au moja jioni, wakati watu wanatoka kazini na kupitia sokoni, na wanalipa kwa M-Pesa. Asilimia 80 ya 23 ni 18 na kidogo. Bado inafika. Kwa hivyo ile mAh 1000 ya ziada, ambayo mwezi wa kwanza hutaiona kabisa, ndiyo inayokuja kuamua mwaka wa tatu.

Kuna tahadhari moja hapa. Hesabu hii ilifaa kwa sababu chipu zilikuwa sawa. Mara nyingi simu ya betri kubwa hupewa chipu ya zamani ili bei ishuke. Chipu ya Helio G85 ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, G99 kwa nanomita 6, na ya 12 hula umeme zaidi kwa kazi ile ile. Ukiona 6000 mAh na G85 upande mmoja, 5000 mAh na G99 upande mwingine, usihesabu ile asilimia 20 ya ziada kuwa yako. Sehemu kubwa yake inaweza kuliwa na chipu.

Je, upungufu wa betri unazibika? Unazibika, kwa pawabenki. Ya 10000 mAh iliyo halali huuzwa kama shilingi 1,500 hadi 2,500 hapa mjini. Usidhani itakujazia simu ya 5000 mara mbili: umeme hupotea unapopandishwa volti ndani ya pawabenki na kushushwa tena ndani ya simu, kwa hivyo tarajia mara moja na kidogo. Hiyo inatosha. Ishike mkononi kabla ya kulipa. Yenye seli za kweli huwa na uzito wa gramu 200 hivi. Ukikuta imeandikwa 20000 na ni nyepesi kuliko simu yako, seli zilizoandikwa hazimo.

Lakini kuzibika kunategemea mahali. Muuzaji aliyesimama, mikono miwili ikiwa na viatu, hawezi kuwa na simu iliyofungwa waya kwenye begi saa ya wateja wengi. Waya huvutwa, tundu la chaji hulegea, na hilo ndilo tatizo ninalolitengeneza mara nyingi kuliko yote kwenye meza hii. Pawabenki yenyewe nayo lazima ijazwe usiku, na ukisahau mara moja ndiyo siku ile. Kwa mtu anayekaa ofisini au dukani penye soketi, mambo haya hayapo kabisa. Hata pawabenki haihitajiki. Hapo chaja ya wati 33 inashinda: nusu saa ya stima humrudishia simu ya 5000 karibu nusu ya chaji, wakati ile ya 6000 kwa wati 18 hupata kama robo tu. Mtu mwenye stima ya dakika thelathini kila mchana asilipie betri kubwa.

Kwenye kibanda cha mdogo wangu hakuna soketi.

Sasa kamera, ambapo ndipo moyo wake ulikuwa. Yeye huchagua viatu vya daraja la kwanza, vile ambavyo wenyewe sokoni huviita kamera, huvisafisha nyumbani usiku, huvipiga picha na kuviweka kwenye stetasi ya WhatsApp kabla hajalala. Asubuhi wateja wake wa Umoja, Donholm na Syokimau wameshachagua. Picha mbaya humgharimu moja kwa moja. Mwezi wa pili alirudishiwa jozi tatu kwa sababu viatu vya rangi ya damu ya mzee vilionekana vya kahawia kwenye picha, na boda ya kwenda na kurudi alilipa yeye.

Maboksi yote mawili yaliandikwa megapikseli 50, na hapo ndipo wengi hudhani kamera ni sawa. Kinachotofautisha ni ukubwa wa kihisio, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Huandikwa kama sehemu ya inchi, na namba ya chini ikiwa kubwa, kihisio ni kidogo. Simu ya kamera ilikuwa na 1/1.95, ya betri 1/2.76. Ukipiga hesabu ya eneo, cha kwanza ni mara mbili ya cha pili, kwa hivyo kwa muda ule ule hupokea mwanga mara mbili. Halafu kuna OIS: lenzi huelea na kusogea kinyume cha mtetemo wa mkono, ili kamera iweze kubaki wazi kwa muda mrefu zaidi bila picha kutikisika. OIS nzuri hukupa muda mara nne hivi. Mara mbili kwa mara nne ni mara nane. Kwa kitu kisichosogea, gizani, simu ya kamera ilikuwa na faida ya mara nane, na hiyo si kidogo.

Zile lenzi mbili ndogo za pembeni, za megapikseli 2 kila moja, zisikusumbue. Mara nyingi zipo ili mgongo wa simu ujae.

Basi tukafanya jaribio. Duka alilopiga picha za maboksi lilikuwa hatua chache tu, na mwenye duka, ambaye tunafahamiana, alituruhusu kuzishika zote mbili. Tulikwenda nyuma, chini ya rafu, ambapo mwanga ulikuwa hafifu kama wa nyumbani. Tukaweka kiatu alichokuwa nacho, tukapiga kwa simu zote, tukavuta picha kwa vidole hadi kwenye mshono. Simu ya kamera: uzi ulionekana mmoja mmoja. Simu ya betri: mshono ulikuwa kama umepakwa rangi ya maji, na mara mbili kati ya tano picha ilitikisika. Nikafungua maelezo ya picha kwenye galari. Simu ya betri ilikuwa imeandika muda wa kubaki wazi wa 1/14 ya sekunde na ISO 1600; ISO ni kiasi ambacho simu inakuza mwanga mdogo iliopata, na ikipanda huleta chembechembe. Ukiona muda mrefu kuliko 1/30 bila OIS, mkono wa kawaida utatikisa picha, na ukiona ISO ya elfu na zaidi kwenye kihisio kidogo, simu itasugua chembechembe hadi iondoe na mshono wenyewe.

Mdogo wangu akasema, "Umeona sasa?" Nikamwambia bado. Tukajitumia picha zote mbili kwa WhatsApp, kwa njia ya kawaida, tukazifungua upande kwa upande kwenye simu yangu. Kwa kawaida WhatsApp hupunguza picha hadi kama pikseli 1600 kwa upande mrefu, chini ya megapikseli 2. Tangu 2023 unaweza kuchagua kutuma kwa HD, lakini nayo hubanwa, na mteja anayeangalia stetasi kwenye matatu havuti picha kwa vidole. Hapo ule uzi wa mmoja mmoja ulipotea kwenye picha zote mbili. Kilichobaki kuonekana ni vitu viwili tu: kama picha imetikisika, na kama rangi ni ya kweli. Jaribio hili hugharimu bando kidogo mno, na ningependa kila anayenunua simu kwa ajili ya biashara alifanye kabla ya kutoa pesa. Angalia picha pale mteja wako atakapoiangalia.

Kutikisika na rangi, vyote viwili, ni suala la mwanga. Na mwanga unanunulika. Chumbani kwake kulikuwa na balbu moja ya manjano, ya wati 7, juu darini, mita mbili kutoka kwenye meza. Ukileta taa kutoka mita mbili hadi sentimita 60, mwanga unaoangukia kiatu huongezeka kama mara 11, kwa sababu hupungua kwa mraba wa umbali. Ukiibadilisha na balbu nyeupe ya LED ya wati 12, unakaribia mara 19. Linganisha na ile mara nane ya simu ya kamera. Balbu ya shilingi 300 na kishikilio cha waya, kwa kiatu kilichotulia mezani, vinaishinda tofauti yote ya kihisio na OIS. Nilikwenda kwake Jumamosi hiyo na balbu, nikaifunga kwenye mguu wa kiti kilichopinduliwa juu ya meza, na simu ya betri ikaandika 1/60 ya sekunde na ISO 400. Haikutikisika hata moja.

Rangi ilitusumbua zaidi. Balbu ya kwanza niliyonunua ilikuwa nyeupe lakini ya bei ya chini kabisa, na balbu za namna hiyo huwa na upungufu wa wekundu. Damu ya mzee ikabaki kahawia. Utalijua hilo kwa kuweka kiatu chekundu dirishani asubuhi, ukipige, halafu ukipige tena chini ya taa usiku na kulinganisha. Ya pili, ghali kwa shilingi 150, ilikuwa nzuri. Tuliongeza karatasi nyeupe chini ya kiatu ili kamera ijue nyeupe ni ipi, na hapo mambo yakanyooka. Simu ya kamera isingemsaidia katika hili: chini ya balbu mbaya, nayo ingeona kahawia.

Kwa hivyo alinunua simu ya betri. Upungufu wa kamera ulizibika kwa chini ya shilingi 800 ukihesabu na balbu iliyokataliwa, na upungufu wa betri, pale Gikomba, usingezibika bila waya kuning'inia mchana kutwa.

Mpwa wetu mmoja nilimshauri kinyume chake wiki chache baadaye, kwa pesa karibu hizo hizo. Yeye huitwa kupiga video fupi kwenye harusi na karamu za kanisani, nyingi jioni, ndani ya kumbi. Hawezi kumsogezea bibi harusi balbu sentimita 60. Anatembea huku akipiga, kwa hivyo OIS inamfaa kweli; bila hiyo simu hutegemea kukata kingo za video ili kutuliza mtetemo, na gizani matokeo huwa ya kusikitisha. Nilimweleza pia mpaka wa OIS, maana wauzaji hawausemi: hutuliza mkono wako tu, haimtulizi anayecheza. Mtu akiruka na kamera iko wazi 1/15 ya sekunde, atakuwa ukungu hata ukiwa na OIS ya namna gani. Kinachosaidia hapo ni kihisio kikubwa, ambacho hukuruhusu kufupisha muda. Betri yake huisha ndani ya saa nne za sherehe, lakini ukumbini soketi zipo, ana pawabenki begini, na wakati wa hotuba simu huwa imekaa.

Dereva wa boda au teksi anayefuata ramani siku nzima, sina mengi ya kumwambia: wa gari ana chaja ya gari na achague anachopenda, wa boda achukue betri.

Na kuhusu kubadilisha betri baada ya miaka miwili, ambalo watu husema kana kwamba limemaliza mjadala: inawezekana, mimi mwenyewe hufanya kazi hiyo. Betri na ufundi vinaweza kufika shilingi 2,500. Lakini nyingi zinazoletwa mezani kwangu kama mpya hazifikishi uwezo ulioandikwa juu yake, na kufungua mgongo uliogundishwa huondoa kinga ya vumbi na maji hata fundi akiwa mwangalifu. Nisingenunua betri ndogo leo kwa kutegemea betri mpya kesho.

Mdogo wangu alinipigia wiki iliyopita. Mwenye jumba la nyuma ya safu yao ameanza kuwauzia stima kwa mita, na kibanda cha tatu kutoka kwake tayari kina soketi mbili. Aliniuliza kama tulikosea. Nikamwambia kama soketi hiyo ingekuwepo mwezi wa tatu, ningemwambia achukue ile ya kamera yenye chaja ya wati 33, na balbu ningemnunulia hata hivyo.